Majarida ya Senga wa Bugolobi

Katika soko la Bugolobi, jijini Kampala, karatasi kuukuu zina bei yake. Wauza karanga huzinunua kwa uzito, wakazikunja pembe na kumiminia humo karanga za moto. Ndiyo maana nilipomwona mama mmoja wa makamo, kavaa gomesi ya zambarau, akichambua rundo la muuza karanga na kuchomoa kurasa moja baada ya nyingine, nilidhani naye ana biashara ya aina hiyo. Kumbe alikuwa akisoma. Ukurasa wa siasa aliurudisha. Wa ajali za barabarani aliurudisha. Safu ya wasomaji wanaoomba ushauri wa mapenzi aliirudisha upesi kuliko zote, kama aliyeshika kaa la moto. Alibakiwa na jarida la bustani lililochanika jalada, kurasa kadhaa za mapishi, mafumbo ya maneno ambayo hakuna aliyeyajaza, na picha za ndege wa Ziwa Viktoria.

Nilimuuliza za nini. "Za wanaogombana," akajibu, akatoa noti kulipa.

Jibu hilo lilinikaa kichwani hadi nikamtafuta. Ni mshauri wa ndoa, na chumba chake hakiko mbali na yale maghorofa ya zamani ambayo kila mtu Kampala anayaita Bugolobi Flats. Wateja wake humwita Senga, jina la shangazi ambaye kwa Waganda ndiye mwenye kazi ya kumfunda binti wa kaka yake kuhusu nyumba na mume. Yeye mwenyewe si Mganda. Alikulia kambi ya jeshi ya Mbuya, kilima cha jirani tu, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kilichonyooka, kisicho na mapambo. Aliomba jina lake lisitajwe, kwa sababu wanaokuja kwake ni majirani.

Chumbani kuna viti vitatu, saa ya ukutani, na kikapu cha majarida. Wanandoa wanapoanza kupandishiana sauti mbele yake, hawaamuliwi. Kila mmoja hupewa jarida, mmoja akabaki chumbani na mwingine akapelekwa varandani, wasome dakika ishirini. Hairuhusiwi simu.

"Watu hucheka," alisema. "Mume amelipa hela yake, amekuja na hasira yake, mimi nampa picha ya ndege. Lakini akirudi mwangalie mabega. Yameshuka."

Sikuamini moja kwa moja, ila jambo hilo hakulitunga yeye. Mjini Seattle, Marekani, mwanasaikolojia John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington aliweka wanandoa maabarani, akawafunga vipimo vya moyo, akawaacha wazungumzie jambo wanalogombania. Baada ya dakika kumi na tano yeye na wenzake waliwakatiza kwa kisingizio: mitambo inahitaji kurekebishwa, tafadhali msiendelee na mada yenu, someni majarida haya. Nusu saa baadaye mazungumzo yakaanza tena. Mioyo ilikuwa imepungua kasi waziwazi, na watu walewale, kwa ugomvi uleule, walizungumza kwa namna nyingine.

Kinachonivutia hapo ni kwamba hakuna aliyewafundisha lolote katika nusu saa hiyo. Mwili tu ulipewa muda.

Senga hueleza hivi. Mtu akihisi ameshambuliwa, mwili haubagui kati ya maneno na panga. Adrenalini humwagika, moyo huenda mbio, na ukipita mapigo mia moja kwa dakika mtu hubaki na njia mbili, kupiga au kukimbia. Kusikiliza kunakuwa kazi asiyoiweza. "Hapo hata ukimwambia nakupenda, atasikia unamkejeli," alisema. Na mwili ukishachemka hivyo hautulii kwa amri. Hutulia polepole. Ndiyo maana dakika tano hazitoshi, na ndiyo maana anayejiona ametulia huwa mara nyingi bado.

Kwa hiyo huwafundisha kuhesabu. Vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, sekunde kumi na tano, kisha zidisha kwa nne. Ukipata ishirini na tano au zaidi, nyamaza.

Alinisimulia wanandoa wawili, akiwa amebadilisha mambo ya kuwatambulisha. Mume alituma shilingi 400,000 kwa mdogo wake aliyeko Masaka, bodaboda yake imekufa injini. Jumatatu ada ya watoto ilikuwa inadaiwa. Mke aliiona meseji ya muamala saa mbili na nusu usiku.

"Kila siku ni ndugu zako. Watoto wako hawana thamani," alianza mke.

Mume akanyamaza, macho kwenye televisheni. Mke akaongeza sauti. Mume akainuka bila neno, akatoka. Mke akamfuata hadi kwenye ngazi, na huko, majirani wakiwa milangoni, yakatoka matusi ya ukoo mzima: wewe maskini uliyeokotwa, wewe uliyeshindikana kwenu.

Kesho yake walikuja. Mke alikuwa na lalamiko moja: mume ananidharau, mimi naongea, yeye anaangalia mpira. Senga akawaambia wausimulie ugomvi upya palepale, kisha kila mtu ahesabu moyo. Mke alipata ishirini na tatu, yaani tisini na mbili kwa dakika. Mume, yule jiwe asiyesema kitu, alipata ishirini na nane. Mia moja na kumi na mbili.

"Mke alinyamaza kabisa," Senga alisema. "Miaka yote alidhani yule bwana hana moyo. Kumbe moyo ndio ulikuwa unamziba masikio."

Watafiti wa Seattle nao waliliona hilo: anayejifunga kama ukuta mara nyingi ni mwanamume, na ndani ya ukuta huo moyo unakimbia. Kosa la mume halikuwa kuondoka. Kosa ni kwamba aliondoka bila kusema anarudi lini, na mtu aliyeachwa hivyo hufuata hadi ngazini.

Mapatano waliyoandika kwenye karatasi ya daftari, wakaibandika ndani ya mlango wa kabati, yalikuwa mafupi. Anayeomba mapumziko ajisemee mwenyewe. Ataje saa ya kurudi. Yeye ndiye atakayerudi wa kwanza. Na mapatano hayo waliyaweka siku ya amani, kwa sababu sheria inayotungwa katikati ya vita kila mmoja huiona ni ya adui.

Hilo la kujisemea Senga halilegezi hata kidogo. "Ukimwambia mwenzio 'hebu tulia kwanza', umeshamtukana. Umemwambia yeye ndiye kichaa. Sema, 'Moyo unanienda mbio, nitasema neno baya. Naomba nusu saa. Saa tatu na robo nitakuwa mezani.' Hapo hujamlaumu, hujamkimbia."

Na ile nusu saa ina kazi yake. Mtu akijifungia chumbani akarudia kichwani aliyoambiwa, akapanga jibu la kukata, atatoka na moto mkubwa kuliko alioingia nao. Mwaka 2002 Brad Bushman, mtafiti wa Marekani, alichapisha jaribio ambalo waliokasirishwa walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi; walitoka na hasira zaidi kuliko walioketi tu bila kufanya chochote. Ndiyo sababu ya majarida, na ndiyo sababu safu ya mapenzi ilirudishwa kwa muuza karanga. Ukisoma habari za mume wa mtu, unamwona wako. Ndege wa ziwani hamkumbushi mtu deni.

Kumpigia dada simu hakuhesabiwi mapumziko. Kuandika meseji ndefu pia. Na wanaume wa mtaa huu wana kafunda, vibaa vidogo vya jirani, ambako nusu saa hugeuka saa saba za usiku. "Huyo hakupumzika," alisema Senga. "Huyo ametoroka na risiti."

Kurudi ndiko kugumu. Mwaka 1999 Sybil Carrère na Gottman walitoa utafiti wa jozi 124 za maharusi: dakika tatu za mwanzo za mabishano zilitosha kuonyesha, kwa kiasi kikubwa, nani wangeachana katika miaka sita iliyofuata. Namna unavyofungua mdomo ndivyo utakavyoufunga. Kwa hiyo yule mke alifanyishwa zoezi la sentensi moja tu. "Kila siku ni ndugu zako" iliondolewa, kwa kuwa "kila siku" humpa mwenzio kazi ya kutafuta siku moja ya kukupinga. "Watoto wako hawana thamani" nayo ikaondolewa, kwa kuwa inadai kujua kilichomo moyoni mwa mtu. Kikabaki kilichoonekana, alivyojisikia, na anachoomba: "Nimeona laki nne zimekwenda Masaka na Jumatatu tunadaiwa ada. Nimeogopa. Naomba kiasi kama hicho kabla hakijatoka tuambiane."

Nilisema inasikika kama barua ya ofisini. Akacheka. "Mwanangu, mwezi wa kwanza ni ya ofisini. Bora ya ofisini kuliko ya ngazini."

Baadhi ya wazee humwambia haya ni mambo ya Wazungu. Yeye huwakumbusha kwamba Waganda wana desturi ya mke aliyeudhika kwenda kwa baba au kaka yake, na mume kumfuata huko, akasikilizwa, akaulizwa, ndipo akaruhusiwa kumrudisha. Ile nayo ilikuwa mapumziko, ila ya siku nyingi na yenye mashahidi. Aliyepanga vyumba viwili Bugolobi, na ndugu zake wako Gulu, atakwenda wapi usiku? Atakwenda varandani na jarida.

Kuna wasiopewa jarida. Senga huwaona kila mmoja peke yake kwanza, na mke akimwambia anaogopa kuomba hata hiyo nusu saa, kazi hiyo haiendelei. Mapumziko ni chombo cha watu wawili wanaoweza kukataliana bila hofu. Sheria ya Uganda ya Ukatili Majumbani ya mwaka 2010 inayahesabu matusi yanayorudiwarudiwa kuwa ukatili, na anayetendewa hayo Senga humsindikiza kwa wanaoushughulikia. Vipi kuhusu wale wa katikati, ambao hofu yao haijapata jina? Senga alinyamaza, kisha akasema hao ndio wanaomkosesha usingizi.

Wale wa bodaboda bado wanakuja. Karatasi iko kabatini, mume hutaja saa na hurudi, na majirani hawajasikia tena ukoo wa mtu ukitajwa ngazini. Pesa nazo bado zinakwenda Masaka, safari hii baada ya kuambiana, kwa sauti ya chini, bila kukubaliana. Nilimuuliza Senga kama hayo tuyaite mafanikio. Akasema wa kwanza kumuuliza hivyo alikuwa yule mke, na bado hajamjibu.