Flashi ya GB 64 inayosoma 59.6

Umenunua flashi iliyoandikwa GB 64. Unaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, inakuambia GB 59.6. Wengi hurudi dukani wamefura, na mara nyingi muuzaji hana kosa lolote.

Kiwandani wamehesabu kwa maelfu: giga moja ni baiti bilioni moja, basi flashi ina baiti 64,000,000,000. Windows nayo huchukua baiti hizohizo na kuzigawa kwa 1,024 mara tatu, ikapata 59.6. Hakuna kilichopungua, kilichobadilika ni kipimo.

Hiyo 1,024 ilitoka kwenye RAM, ambayo hupangwa kwa kuzidisha mbili kwa mbili: 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Ukizidisha mara kumi unafika 1,024, na kwa kuwa ilikuwa jirani na elfu, mafundi wakaiita kilo. Pengo lilikuwa asilimia 2.4 tu, nani angejali? Lakini pengo hukua kila ukipanda ngazi. Kwenye giga ni asilimia 7.4, kwenye tera karibu 10, ndiyo maana diski ya TB 1 huonekana kuwa na GB 931.

Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa alama za kutenganisha: KiB, MiB na GiB kwa hesabu ya 1,024, kilo na giga zibaki za maelfu. Windows bado inahesabu GiB na kuandika GB, na kwangu huo ndio ubaya wenyewe. Mac, tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009, huhesabu kwa maelfu, kwa hiyo flashi ileile husoma 64. Kwenye Linux unajichagulia: `df -h` hugawa kwa 1,024, `df -H` kwa 1,000.

Anayeandika programu afuate lipi? Kwa diski na mafaili ya watu wa kawaida ningetumia maelfu, yalingane na kilichoandikwa kwenye boksi. Kwa RAM, 1,024. Akitumia 1,024, aandike GiB.

Kuna mtego mwingine hapo. Faili la baiti 999,999 halijafika milioni, hivyo programu huliweka kwenye kilo, inagawa kwa elfu, inapata 999.999, inakadiria hadi desimali moja na kuandika "1000.0 kB". Ilipaswa kuwa "1.0 MB". Dawa ni kukadiria kwanza, kisha kuangalia kama jibu limefika 1,000. Likifika, panda ngazi moja.

Ukiwa na shaka na flashi yako, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, ufungue `Properties`. Windows huonyesha pale idadi kamili ya baiti kando ya GB. Ikikaribia bilioni 64, muuzaji hajakupunja kwenye hesabu. Ikiwa bilioni 32, rudi dukani.