Neva ya sita inapodanganya: maandalizi ya mtihani wa mdomo kwa jicho la Hanang na Mbulu

Katika mtihani wa mdomo kuhusu neva za fuvu, yaani zile jozi 12 za neva zinazoanzia kwenye ubongo wenyewe badala ya uti wa mgongo, mtahini mara chache huridhika na mwanafunzi anayezitaja kwa mpangilio kuanzia ya kunusa hadi ya ulimi, kwa sababu anachokitafuta ni jibu la swali moja tu: hitilafu iko wapi? Neva nyingi hulijibu swali hilo kwa uaminifu, kwani udhaifu unaoonekana humwelekeza daktari karibu na ugonjwa ulipo. Neva ya sita, iitwayo abdusensi, ndiyo maarufu kwa kuvunja kanuni hiyo, kwa kuwa inaweza kulegea kabisa hali yenyewe na sehemu ya ubongo inamotoka vikiwa havina ugonjwa wowote. Mwaka 1904 daktari wa Uingereza James Collier alichapisha maelezo ya dalili za aina hii kwa wagonjwa wa uvimbe ndani ya fuvu na kuziita dalili zinazoelekeza kusiko, na mpaka leo mfano wa kwanza anaotarajiwa kuutoa mwanafunzi ni huo wa neva ya sita.

Kazi ya neva hii ni moja na ndogo, nayo ni kukaza msuli wa nje wa jicho ili mboni igeuke kuelekea sikioni. Inapoacha kufanya kazi, jicho huvutwa ndani kuelekea puani na msuli wa upande wa pili usio na mpinzani, na mgonjwa huona vitu viwili vilivyokaa sambamba, kimoja kando ya kingine. Umbali kati ya picha hizo mbili huongezeka anapotazama mbali na anapotazama upande wa neva iliyolegea, hali ambayo humfanya azoee kukigeuza kichwa upande huohuo ili asihitaji kuligeuza jicho. Mwanafunzi anayepima anapaswa kusogeza kidole taratibu kulia na kushoto, juu na chini, kisha katika upande ambako picha zimeachana zaidi afunike jicho moja na kuuliza ni picha ipi iliyotoweka, kwa kuwa picha iliyo nje zaidi ndiyo ya jicho lenye udhaifu. Hatua hii ya kufunika jicho huachwa na wengi, ingawa ndiyo inayomwokoa mpimaji pale udhaifu ni mdogo na jicho linaonekana kwa macho kama linazunguka vizuri.

Kabla ya kusema kwamba neva imelegea, inafaa kuthibitisha kwamba tatizo si la msuli au la mahali neva inapokutana na msuli. Ugonjwa wa mayastenia huchosha msuli kadiri unavyotumika, hivyo mgonjwa akiambiwa aendelee kutazama pembeni kwa dakika moja jicho hurudi nyuma polepole na kope hushuka, jambo ambalo neva ya sita pekee haiwezi kulisababisha. Ugonjwa wa tezi ya shingo nao hukakamaza misuli ya macho, lakini kwa kawaida huja na macho yaliyotokeza.

Njia ambayo neva hii huipita ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachoulizwa. Kiini chake kimo katika sehemu ya chini ya ponsi, ambayo ni sehemu ya kati ya shina la ubongo, chini kabisa ya sakafu ya ventrikali ya nne, na nyuzi za neva ya saba inayoendesha misuli ya uso hukizunguka kabla ya kutoka. Ndani ya kiini hicho zimo pia seli nyingine ambazo hazifiki kwenye jicho la upande wao bali hupeleka amri ng'ambo, kwenye kiini cha neva ya tatu, ili jicho la pili ligeuke pamoja na la kwanza. Matokeo yake ni kwamba ugonjwa ulio kwenye kiini chenyewe haumpi mgonjwa jicho moja linaloshindwa, bali macho yote mawili hukataa kutazama upande ule, na mara nyingi nusu ya uso, pamoja na paji, hulegea upande huohuo. Mwanafunzi anayesema kwamba kiini kimeharibika ilhali mgonjwa ana jicho moja tu lililozuiwa na uso ulio sawa, amejibu kinyume cha anatomia, na mtahini mwenye uzoefu atamwomba achore ponsi papo hapo.

Ikishatoka mahali ponsi inapokutana na medula, neva hupanda juu ndani ya maji ya ubongo ikiegemea mfupa wa nyuma wa sakafu ya fuvu, hutoboa utando mgumu, hupenya kijia chembamba kiitwacho mfereji wa Dorello kwenye ncha ya mfupa wa sikio, kisha hupita ndani ya sinasi ya kavenosi ikiwa kando ya mshipa mkuu wa damu wa karotidi, ndipo iingie kwenye tundu la jicho. Kila kituo kina majirani zake, na majirani ndio mashahidi wa mahali ugonjwa ulipo: ncha ya mfupa wa sikio ikioza kwa usaha, mgonjwa huwa na sikio linalotoa maji na maumivu ya uso, ilhali ndani ya sinasi huumia pia neva ya tatu, ya nne na matawi mawili ya kwanza ya neva ya tano. Hapa kuna mtego mdogo ambao hata baadhi ya vitabu vya marudio huuingia, ule wa kudai kwamba neva ya sita huumia kwa urahisi kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote ndani ya fuvu. Ndefu zaidi ni ya nne. Udhaifu wa neva ya sita hautokani na urefu bali na kufungwa kwake sehemu mbili, kwenye ponsi chini na kwenye mfereji wa Dorello juu, kiasi kwamba shinikizo likipanda ndani ya fuvu na shina la ubongo likasukumwa chini, neva hubaki imenyooshwa kati ya pande hizo mbili bila pa kujificha.

Sababu ya kulifundisha jambo hili kwa mifano ya Hanang na Mbulu ni kwamba katika wilaya hizi kupanda kwa shinikizo hilo kuna chanzo kinachojulikana na kilichochunguzwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu vijiji vya Wilaya ya Mbulu ulikuta dalili za viluwiluwi vya tegu wa nguruwe kwenye ulimi wa takriban nguruwe 17 kati ya kila 100 waliokaguliwa, na mwaka 2009 kikundi cha watafiti akiwemo daktari Andrea Winkler, kikifanya kazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kilitoa matokeo ya picha za ubongo za watu wenye kifafa, ambapo karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa na alama za viluwiluwi hivyo ndani ya ubongo. Mwanafunzi hana budi kuwa makini na mzunguko wenyewe: nyama isiyoiva humpa mlaji tegu tumboni, lakini vifuko vya viluwiluwi ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha mtu, hivyo hata mtu asiyegusa nyama ya nguruwe maishani anaweza kuugua ikiwa anaishi na mwenye tegu.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mazoezi. Mkulima wa maharage na ngano mwenye miaka 34, kutoka kijiji cha mteremko wa Mlima Hanang, anafika hospitali ya wilaya mjini Katesh akiwa na maumivu ya kichwa ya wiki tatu yanayozidi alfajiri, kutapika, na kuona vitu viwili kwa siku tano. Miezi miwili iliyopita alianguka na kutetemeka mwili mzima mara moja. Jicho lake la kulia halivuki katikati anapotazama kulia, mboni za macho ni sawa, uso haukulegea, mikono na miguu ina nguvu, sikio ni safi. Mwanafunzi mwenye haraka atasema uvimbe wa ponsi upande wa kulia. Hoja inayompinga ni kwamba uvimbe wa ponsi ungetarajiwa kugusa neva ya saba au njia za nguvu za upande wa pili, na zaidi ya hapo kifafa hutoka kwenye gamba la ubongo, si kwenye ponsi, hivyo mgonjwa tayari ana mahali pawili pasipounganishwa na doa moja la ponsi. Hatua inayoamua ni kuangalia sehemu ya nyuma ya macho kwa oftalmoskopu: visahani vya neva ya kuona vimevimba pande zote mbili, kingo zake hazionekani vizuri. Neva ya sita haikuugua, imenyooshwa, na jibu sahihi ni shinikizo ndani ya fuvu ambalo chanzo chake bado kinatafutwa.

Picha ya CT ya mgonjwa huyu wa mazoezi inaonyesha madoa mawili yaliyogeuka chokaa kwenye gamba la ubongo na ventrikali zilizotanuka, lakini kwenye ventrikali ya nne hakuna kinachoonekana. Hapa mtahini huuliza kama picha imeondoa ugonjwa wa viluwiluwi ndani ya ventrikali, na jibu ni hapana, kwa sababu kifuko chenye maji kina mwonekano uleule wa maji ya ubongo kwenye CT na hujificha humo, na kupanuka kwa ventrikali ndiko kunakokifichua. Kipimo cha MRI huonyesha zaidi. Maji yaliyozuiwa namna hiyo hayatolewi kwa sindano ya mgongoni, kwa hofu ya ubongo kushuka na kubana shina lake, na dawa za kuua viluwiluwi, kama albendazo na prazikwanteli, hazitangulii, kwa kuwa kufa kwavyo huleta uvimbe mpya kwenye njia ambayo tayari imeziba. Kinachotangulia ni rufaa kwa wapasuaji wa ubongo, ambao huweka mrija wa kupitishia maji au hukitoa kifuko chenyewe kwa kamera, huku degedege likidhibitiwa kwa dawa za kifafa.

Swali la mwisho kwa kawaida hugeuza kila kitu: mgonjwa mwingine ana VVU, kinga yake imeshuka sana, neva ya sita imelegea, na CT haionyeshi kizuizi. Hapo linalofikiriwa kwanza ni homa ya uti wa mgongo ya kuvu wa kriptokoka, ambamo maji hayajazibwa kwenye ventrikali bali yanashindwa kufyonzwa, na sindano ileile ya mgongoni iliyokuwa hatari kwa mkulima wa Hanang sasa ndiyo tiba: shinikizo likifika sentimita 25 za maji au zaidi, maji hutolewa mpaka lishuke chini ya 20 au kufikia nusu ya lilipoanzia, na zoezi hurudiwa kila siku ikibidi. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini sindano moja ni marufuku kwa huyu na ni lazima kwa yule, ameshaeleza somo zima kuliko yule aliyekariri njia ya neva vituo vyote.

Shinikizo likishashushwa, neva ya sita kwa kawaida hurudi kazini ndani ya wiki au miezi michache, lakini kisahani cha neva ya kuona kilichoachwa kikiwa kimevimba kwa muda mrefu hupoteza nyuzi zake, na upofu unaofuata haurudi nyuma.