Njia ya Mizizi: Kupata Geini kwa Kalamu na Rula

Dishi la antena limefungwa juu ya mlingoti, na chini yake kuna mota ya kulizungusha. Fundi analiamuru ligeuke nyuzi 30. Kitambuzi kinasoma dishi lilipo, kipimo kinarudishwa mwanzoni, na amplifaya inasukuma mota kulingana na tofauti kati ya agizo na hali ilivyo. Tofauti ikiwa kubwa, mota inasukumwa kwa nguvu. Tofauti ikiisha, msukumo nao unaisha. Kwa kuwa kipimo kinarudishwa kama kilivyo, yaani kimezidishwa kwa 1 tu, mfumo wa namna hii huitwa mfumo wa mrejesho wa moja.

Kwenye amplifaya kuna kitasa kimoja cha kuongeza au kupunguza nguvu ya msukumo. Hicho ndicho kinachoamua geini. Kikiwa chini sana, dishi linajikokota na kuchukua karibu nusu dakika kufika. Kikiwa juu sana, linapita nyuzi 30 hadi karibu nyuzi 46, linarudi nyuma, linapita tena, na sekunde kumi zinakwisha kabla halijatulia. Ukizidi kukipandisha, halitulii kamwe. Basi kitasa kikae wapi?

Mwaka 1948 mhandisi Mmarekani Walter R. Evans, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ndege ya North American Aviation, alichapisha njia ya kujibu swali hilo kwa mchoro. Kabla yake, kanuni ya Routh ilikuwa ikimwambia mhandisi kama mfumo utatulia au hautatulia. Evans alitaka kuona zaidi ya hapo: kila geini inaupa mfumo tabia gani. Mchoro wake tunaweza kuuita njia ya mizizi.

Mizizi ni nini

Dishi letu linachelewa kwa sababu tatu. Kwanza, mota haitoi pembe papo hapo. Inatoa mwendo, na mwendo ndio unaojikusanya kidogo kidogo kuwa pembe. Pili, uzito wa dishi na mota unahitaji muda kushika kasi, tuseme nusu sekunde. Tatu, amplifaya yenyewe inachelewa robo sekunde. Wahandisi huandika hayo yote kwa mstari mmoja:

```
G(s) = K / [ s (s + 2) (s + 4) ]
```

K ndiyo geini. Namba 2 imetokana na ile nusu sekunde, na 4 imetokana na robo sekunde. Tukiufunga mfumo kwa mrejesho, tabia yake inatawaliwa na mlinganyo huu:

```
s(s + 2)(s + 4) + K = 0
```

Mlinganyo huu una mizizi mitatu, na kila mzizi ni nukta kwenye karatasi yenye mhimili wa mlalo na mhimili wa wima. Mzizi ulio kwenye mlalo, upande wa kushoto wa sifuri, ni mwendo unaofifia bila kuyumba. Mizizi miwili iliyopaa pamoja, mmoja juu na mwenzake chini ya mlalo kwa umbali sawa, ni mwendo wa kuyumba. Kadiri jozi hiyo ilivyo mbali kushoto, ndivyo mtikisiko unavyokufa haraka. Kadiri ilivyo mbali na mlalo, ndivyo dishi linavyoyumba upesi upesi. Jozi ikivuka kwenda kulia kwa mhimili wa wima, mtikisiko haufi tena, unakua.

Ukibadilisha K, mizizi inahama. Njia inazopita mizizi hiyo K ikipanda kutoka sifuri ndizo tunazochora.

Mchoro hatua kwa hatua

Weka misalaba mitatu kwenye mlalo: 0, −2 na −4. Hapo ndipo mizizi inaanzia K ikiwa sifuri.

Kisha tafuta sehemu za mlalo ambazo ni njia. Simama popote kwenye mlalo, uhesabu misalaba iliyo kulia kwako. Ikiwa ni witiri, hapo ni njia. Ikiwa ni shufwa, sipo. Kati ya 0 na −2 upande wa kulia una msalaba mmoja, kwa hiyo ni njia. Kati ya −2 na −4 kuna miwili, kwa hiyo si njia. Kuanzia −4 kwenda kushoto ipo mitatu, na hapo ni njia tena.

Mzizi wa 0 na wa −2 unakabiliana na kila mmoja unamwendea mwenzake. Wapi watakutana? Jaribu nukta chache, ukizidisha umbali wa kila nukta hadi kila msalaba. Kwenye −0.8 jibu ni 3.072, kwenye −0.85 ni 3.079, na kwenye −0.9 ni 3.069. Kilele kiko karibu na −0.85, na hapo ndipo wanapokutana, K ikiwa karibu 3.1. Chini ya geini hiyo dishi haliyumbi. Ikizidi, mizizi hiyo miwili inauacha mlalo, mmoja unapanda na mwingine unashuka, na kuyumba kunaanza.

Mbali zaidi, njia hizo mbili zinafuata mistari iliyonyooka. Chukua wastani wa misalaba, yaani −6 ukigawa kwa 3, upate −2. Kutoka hapo mistari inaelekea kulia kwa nyuzi 60 juu na chini ya mlalo. Kwa hiyo matawi yanajipinda kulia na mwisho yanakata mhimili wa wima. Panua mlinganyo upate s³ + 6s² + 8s + K. Kanuni ya Routh inasema mpaka ni pale K inapolingana na 6 mara 8, yaani 48, na matawi yanakata kwenye urefu wa 2.83. Ukiweka K hiyo, dishi litayumba bila kukoma, mzunguko mmoja kwa kila sekunde 2.2 hivi.

Kuchagua utulivu

Uwiano wa utulizaji ni namba inayoeleza mtikisiko unavyodhibitiwa. Ukiwa sifuri, dishi linayumba milele. Ukiwa 1, haliyumbi kabisa. Tuchague 0.5, ambapo dishi linapitiliza kwa takriban asilimia 16, yaani kutoka nyuzi 30 linafika karibu nyuzi 35 kisha linatulia.

Uzuri wa mchoro ni kwamba uwiano huu ni pembe. Mizizi yote yenye uwiano mmoja iko kwenye mstari mmoja kutoka kwenye sifuri, na kosaini ya pembe kati ya mstari huo na mlalo wa kushoto ndiyo uwiano wenyewe. Kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, kwa hiyo chora mstari kutoka sifuri ukiegemea kushoto kwa nyuzi 60. Usiuchanganye na ile mistari ya nyuzi 60 iliyotoka −2 na kuegemea kulia. Wanafunzi wengi huteleza hapo.

Sasa tafuta mstari huo unalikata tawi wapi. Kila nukta iliyo kwenye njia ina alama yake: ukiunganisha kila msalaba na nukta hiyo kwa mstari, pembe tatu zinazopatikana, zikipimwa kutoka mlalo wa kulia, zinajumlika kuwa nyuzi 180. Kwenye mstari wetu, nukta iliyo umbali wa 1 kutoka sifuri inatoa 120, 30 na 13.9, jumla 163.9. Haijafika. Nukta iliyo umbali wa 1.5 inatoa karibu 188. Imepita. Ukiendelea kubana, unafika umbali wa 1.33, yaani −0.67 kwa mlalo na 1.15 kwa wima, na pembe zinakuwa 120, 40.9 na 19.1. Jumla ni 180. Evans alibuni hata kifaa cha plastiki, kiitwacho Spirule, cha kurahisisha kujumlisha pembe hizi na kuzidisha umbali.

Geini inatoka kwenye nukta hiyo hiyo. Pima umbali hadi misalaba: 1.33, 1.76 na 3.53. Zidisha, upate 8.3. Hiyo ndiyo K.

Kabla ya kuamini, tafuta mzizi wa tatu. Jumla ya mizizi yote katika mfano huu ni −6 daima, kwa hiyo mzizi huo uko −4.67, mara saba zaidi kushoto kuliko jozi yetu. Mwendo wake unakufa mapema mno kuweza kuharibu hesabu. Kama ungekuwa karibu na jozi, asilimia 16 isingeaminika. Muda wa kutulia nao unakadiriwa kwa kugawa 4 kwa 0.67: sekunde 6.

Linganisha na fundi aliyetaka haraka akaweka K ya 20. Jozi yake imesogea hadi −0.4, na uwiano umeshuka kuwa 0.2. Dishi linaanza kwa kasi zaidi, lakini linapitiliza kwa zaidi ya nusu ya agizo na linachukua sekunde kumi kutulia.

Mtego wa kitasa, na mpaka wa geini

Kuna kosa ambalo mchoro hauonyeshi. Mtengenezaji wa mota mara nyingi huandika ucheleweshaji kama muda: s(0.5s + 1)(0.25s + 1). Ukibadilisha kutoka maandishi yetu kwenda hayo, unagawa K kwa 8. Hivyo geini ya kuweka kwenye kitasa ni 1.04, si 8.3. Atakayeweka 8.3 moja kwa moja ameweka K ya 66, na mpaka ulikuwa 48. Mtikisiko utakua badala ya kufa. Ukiona hesabu ni safi na mashine inaruka, chunguza hapo kwanza.

Siku hizi amri moja ya `rlocus(tf(1,[1 6 8 0]))` katika MATLAB inachora yote. Lakini anayejua kwamba matawi lazima yaachane karibu na −0.85 na kukata wima kwenye 2.83 ataona mara moja kama ameandika namba vibaya.

Mchoro unaonyesha pia kile ambacho geini haiwezi kununua. Tuseme mwenye dishi anataka litulie kwa sekunde 2. Jozi ingepaswa kuwa −2 kwa mlalo, lakini baada ya kukutana kwenye −0.85 matawi yote mawili yanaelekea kulia. Hakuna K itakayolipeleka dishi huko. Dawa ni kubadilisha umbo la mchoro wenyewe: kuongeza kidhibiti kinachosikiliza pia kasi ya kubadilika kwa tofauti, kiasi cha kuufuta msalaba wa −2. Zikibaki 0 na −4, matawi yanapanda wima kwenye −2, na K ya 16 inatoa uwiano wa 0.5 kwa sekunde 2. Gharama yake ni kwamba kidhibiti hicho kinakuza pia kelele za kitambuzi.

Kwa hiyo kabla ya kushika kitasa, chora. Kama mstari wa utulizaji unakata njia mahali unapopataka, soma geini uiweke. Kama haukati hapo, acha kitasa na ubadilishe kidhibiti.