Vifurushi vya Nyumbani: Kipi Kibaki, Kipi Kikatwe

Huduma zinazolipiwa nyumbani kila mwezi ni za namna mbili. Kuna zinazokatika zenyewe zisipolipiwa, kama king'amuzi, na kuna zinazoendelea kukata pesa mpaka mtu ajitoe. Za kwanza hujitangaza, maana picha ikipotea nyumba nzima itajua. Fedha hupotelea kwenye za pili, zinazopitia kadi ya benki au salio la simu.

Ukaguzi huanza na taarifa ya benki ya miezi 13, ili hata malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka yaonekane. Kisha hufuata simu za wote nyumbani. Kwenye Android, orodha iko Google Play chini ya `Payments & subscriptions`. Kwenye iPhone iko `Settings`, kwenye jina la mwenye simu, halafu `Subscriptions`. Ujumbe wa matokeo ya mpira unaokata shilingi 100 kila siku haumo humo, na mara nyingi hata mwenye simu hakumbuki alijiunga lini. Kwa mwaka huo peke yake ni shilingi 36,500.

Kinachopimwa ni matumizi, bei peke yake haitoshi. Chukua nyumba moja ya Dar es Salaam inayolipa shilingi 80,000 kwa mwezi kwa kifurushi kikubwa cha king'amuzi, kwa sababu baba anafuata Ligi Kuu ya Uingereza. Ligi hiyo huanza Agosti na kumalizika Mei. Kusitisha Juni na Julai kungebakiza 160,000, lakini watoto wako likizo na wanataka katuni. Kushuka hadi kifurushi cha 25,000 kwa miezi hiyo miwili kunabakiza 110,000 na amani sebuleni. Huduma ya filamu ya nyumba hiyohiyo ni 12,000, na mwezi uliopita zilitazamwa filamu mbili tu: 6,000 kila moja. Hiyo inafutwa, ikihitajika tena, kujiunga ni dakika chache.

Kuhifadhi picha mtandaoni kunahitaji tahadhari. Google hutoa GB 15 bure, na barua pepe imo ndani ya kiasi hichohicho. Mwenye GB 40 akifuta malipo, picha hazipotei siku hiyo, ila mpya hazipandi na barua pepe huacha kuingia. Kwanza picha zihamishiwe kwenye diski, ndipo malipo yakatwe.

Kosa linalorudiwa mno ni kufuta programu kwenye simu na kudhani malipo yamekoma. Kufuta programu hakufuti malipo. Aliyejitoa sawasawa huoneshwa tarehe ya mwisho wa huduma, na kwa kawaida huendelea kuitumia hadi siku hiyo kwa kuwa imeshalipiwa. Taarifa ya benki ya mwezi unaofuata ndiyo itakayoonesha kama makato yamekoma kweli.