Mtoto wa Shule ya Msingi Anahitaji Kucheza Kiasi Gani kwa Siku?

Wazazi wa Kibaoni, Ifakara, wanauliza: mtoto anayetoka shule na kuingia madrasa, je, michezo nayo ina nafasi? Tunasema ina nafasi, na ina kiasi chake. Imam Ghazali katika Ihyaa ameelekeza kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema wa kumpumzisha, na kwamba kumzuia kunaufisha moyo wake.

Ama kiasi, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa 2020 limetaja wastani wa dakika 60 kila siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Si lazima ziwe mfululizo. Zinazohesabiwa ni dakika za kuhema: mtoto anaweza kuzungumza lakini kuimba kunamshinda. Kwa hiyo mdako, pamoja na utamu wake, haumo, kwani wachezaji wamekaa.

Hapa ndipo hesabu inapotupotea. Tuchukue rede. Watoto 12 wanacheza nusu saa, wawili wanarusha mpira wa matambara, mmoja yuko kati anakwepa, na tisa wanangoja zamu. Zamu zikiwa sawa, kila mtoto amekwepa dakika mbili na nusu tu! Na kwa kuwa anayepigwa hutoka, aliye mzito ndiye anayekaa zaidi, naye ndiye mhitaji zaidi. Wagawe watatu watatu, makundi manne, kila kundi na mpira wake. Anayepigwa asitoke, bali abadilishane na aliyempiga. Sasa kila mmoja anakwepa kama dakika kumi, na nyingine anarusha na kuufuata mpira.

Mtoto huyo akienda shule kwa miguu, mwendo wa haraka wa robo saa kwenda na robo saa kurudi, amebakiza nusu saa tu, nayo ni rede ya baada ya Alasiri jua likipungua. Anayepelekwa kwa bodaboda ameikosa nusu ya kwanza, basi alipwe kwa mchezo mwingine.

Siku tatu kwa wiki, ndani ya dakika hizo, uwepo mchezo wa nguvu unaoimarisha misuli na mifupa. Kuruka kamba kunatosha, na wasichana wapewe nafasi yao ya stara katika uwanja wa madrasa, maana wao ndio wanaowahi kuitwa jikoni. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Daud.

Masika, uwanja ukijaa maji, kamba huchezwa barazani, wawili wazungushe na mmoja aruke kwa hesabu ya kupokezana.

Mwenye pumu au selimundu asishindanishwe. Anywe maji mara kwa mara na apumzike anapotaka mwenyewe, na mzazi apate kwanza maelekezo ya daktari wake.