Bikari na Pembesita

Fungua bikari sentimita 5, uchore duara. Usiibane wala kuipanua. Weka ncha ya chuma popote kwenye mzingo, ukate mzingo kwa penseli. Hamishia ncha kwenye alama hiyo, ukate tena. Alama ya sita huangukia pale pale ulipoanzia. Unganisha alama kwa rula, upate pembesita yenye pande sawa.

Kwa nini sita kamili? Unganisha kitovu na alama mbili jirani. Mistari miwili ni nusu kipenyo, na wa tatu, kati ya alama, pia ni sentimita 5, kwa kuwa bikari haikubadilika. Pembetatu yenye pande sawa ina nyuzi 60 kila pembe, na nyuzi 360 za kitovuni hugawika kwa 60 mara sita.

Angalia lakini: kinachoingia mara sita ni mstari ulionyooka. Uzi wa sentimita 5 ukilazwa juu ya mzingo wenyewe huingia mara 6.28 hivi.

Alama ya mwisho ikipita ulipoanzia kwa milimita 3 na nusu, bikari ililegea: kosa la nusu milimita tu, likirudiwa mara sita.