Kwa Nini Mota ya Droni Hutetemeka Kabla ya Kuzunguka

Droni imewekwa chini, betri imechomekwa, na rubani anasukuma kijiti kidogo tu. Kabla mapanga hayajaanza kuvuma, mota inashtuka, inajongea kidogo, pengine hata inarudi nyuma, kisha ghafla inashika kasi. Yote hayo huchukua chini ya sekunde moja. Katika muda huo kidhibiti cha mota kinafanya kazi ngumu kuliko zote: kuzungusha sumaku ambazo hakijui ziko wapi.

Mota ya kawaida, kama ile ya drili ya umeme, ina kaboni zinazosugua shafti na kubadilisha njia ya umeme kadiri inavyozunguka. Mota ya droni haina kaboni. Koili zake zimetulia katikati, sumaku zinazunguka nje, na kutoka ndani zinatoka nyaya tatu tu. Kila wakati kidhibiti hupitisha umeme katika nyaya mbili na kuuacha wa tatu mtupu, kisha hubadilisha jozi. Kuna jozi sita, zinafuatana kwa zamu, halafu mzunguko unaanza upya. Jozi ikibadilishwa mapema mno au kwa kuchelewa, nguvu inapungua na mota inapata moto. Ikibadilishwa mahali pasipofaa kabisa, sumaku zinavutwa kinyume.

Kwa hiyo kidhibiti lazima kijue sumaku ziko wapi, na taarifa hiyo kinaipata kwenye ule waya mtupu.

Mota yoyote yenye sumaku ikizungushwa huzalisha umeme. Msomaji mwenye mota ya namna hii anaweza kujaribu: agusanishe nyaya zake mbili, kisha azungushe kwa vidole. Ataihisi inakuwa nzito, kwa sababu umeme unaozaliwa ndani yake unapinga mwendo. Umeme huo huzaliwa hata mota inapoendeshwa na betri, na hapa tutauita volti pinzani. Katika nyaya mbili zenye kazi umefunikwa na volti ya betri, lakini katika waya mtupu unaonekana wazi. Sumaku inapoipita koili, volti ya waya huo inapanda au inashuka, na katikati ya safari yake inavuka kiwango cha nusu ya volti ya betri. Huko ndiko kuvuka sifuri. Wakati huo sumaku zimefika nusu kamili ya hatua. Kidhibiti kinapima muda uliopita tangu kuvuka kwa awali, kinasubiri nusu ya muda huo, kisha kinabadilisha jozi. Iizuka na wenzake wa Japani walieleza njia hii mwaka 1985.

Ipo hila moja ya kuzingatia. Mara tu jozi inapobadilishwa, koili iliyoachwa bado ina mkondo unaomalizikia, na mkondo huo unarusha volti ya waya hadi ukingoni. Mtu asiyejua angedhani sifuri imevukwa. Ndiyo maana programu hupuuza kipande cha kwanza cha kila hatua.

Tuchukue mota inayofahamika sana kwa watengenezaji wa droni ndogo, yenye alama 2212 na 920KV, ikiwa na sumaku 14. Alama ya KV inasema kwamba kila volti moja inalingana na mizunguko 920 kwa dakika. Mota hii ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, volti pinzani kati ya nyaya zake mbili inakaribia 9.8. Sumaku 14 ni jozi saba, na kila jozi inahitaji hatua sita, kwa hiyo kidhibiti kinabadilisha umeme mara 6,300 kila sekunde. Ni kazi ya haraka, lakini rahisi, kwani ishara ni kubwa na safi.

Sasa tuishushe kasi hadi mizunguko 100 kwa dakika. Volti pinzani inakuwa 0.11 tu kati ya nyaya mbili, na katika waya mtupu inapanda na kushuka takriban 0.05 kila upande. Vidhibiti vingi huipunguza tena ishara hiyo kwa vikinza kabla ya kuipima. Wakati huohuo transista zinawasha na kuzima volti 11 maelfu ya mara kwa sekunde, zikitoa kelele kubwa kuliko ishara yenyewe. Na mota ikiwa imesimama kabisa hakuna cha kupima. Volti pinzani ni sifuri, si kwa udhaifu wa kifaa bali kwa sababu bila mwendo haizaliwi.

Kwa hiyo mwanzoni kidhibiti hubahatisha. Kwanza kinapitisha umeme katika jozi moja na kuishikilia, ili sumaku zivutwe hadi mahali panapojulikana. Katika mota ya sumaku 14, mvuto huo unaweza kuzisogeza hadi nyuzi 25 hivi, mbele au nyuma. Ndipo mota huonekana kurudi nyuma. Bahati mbaya ikizikuta sumaku zimeelekea kinyume kabisa, hazivutwi upande wowote. Programu nzuri basi hushika jozi moja, kisha jozi ya pili, ili kuzitoa hapo. Baadaye kidhibiti hubadilisha jozi kwa ratiba yake chenyewe, polepole kwanza, halafu haraka zaidi, bila kuangalia kama sumaku zinafuata. Kikishaona mivuko kadhaa ya kweli mfululizo, kinaiacha ratiba na kuanza kufuata mota yenyewe.

Ratiba hiyo ndiyo inayoshindwa. Ikienda haraka kuliko uwezo wa mzigo kuongeza kasi, sumaku zinabaki nyuma, na mota inatetemeka na kulia bila kuzunguka. Hatari yake ni joto. Volti pinzani ndiyo inayozuia mkondo mota ikiwa kwenye kasi. Ikikosekana, kinachobaki ni ukinzani wa waya tu. Koili zenye ohmu 0.1 zikipewa volti 11 zote zingeita zaidi ya ampea 100. Ndiyo maana mwanzoni kidhibiti hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu, na hiyo nayo inaifanya mota iwe dhaifu wakati inapohitaji nguvu.

Propela inalivumilia hilo, kwani mzigo wake ni mdogo sana katika kasi ndogo na unakua kwa mraba wa kasi. Kompresa ya friji ya inveta nayo haifungwi sensa, kwa kuwa ndani yake mna joto, mafuta na gesi. Badala yake kidhibiti husubiri dakika kadhaa baada ya kuzima, shinikizo la pande mbili lisawazike, ndipo kiwashe tena. Pikipiki ya umeme haina subira hiyo. Abiria amepanda, mbele kuna mlima, na nguvu kubwa kabisa inatakiwa gurudumu likiwa limesimama. Kwa kazi hiyo kubahatisha hakufai.

Mota ikitetemeka bila kuzunguka, usiendelee kusukuma kijiti. Ondoa propela kwanza, kisha kagua viungo vya nyaya tatu, maana waya mmoja uliokatika huleta mtetemo uleule. Na anayenunua mota ya kuanza kazi ikiwa na mzigo ahesabu nyaya: tatu nene peke yake ni mota isiyo na sensa, ilhali tatu nene pamoja na tano nyembamba kwa kawaida ni mota yenye sensa tatu za Hall, zinazojua sumaku zilipo hata ikiwa imesimama.